Punje Moja Ndani ya Gunia: Maswali ya Wahitimu Kuhusu Kazi ya Siagi ya Njugu

Nina digrii ya kemia. Nimeitwa mahojiano kwenye karakana ya pinati bata huko Kariobangi, watu saba tu. Kweli mwanasayansi ana kazi hapo, ama nitakuwa wa kubandika lebo? — Dada wa Kahawa Wendani

Lebo utabandika, dada, hasa siku ya oda kubwa. Lakini kwenye karakana ya watu saba, mtu mmoja lazima awe na neno la mwisho kuhusu gunia: liingie ama lirudi kwa dereva. Mtu huyo ndiye wanayemtafuta, hata kama tangazo limemwita "msaidizi wa uzalishaji".

Tatizo la njugu ni sumukuvu, yaani aflatoksini. Ni sumu inayotolewa na kuvu wa Aspergillus, na anapenda njugu iliyokauka nusu. Wakulima wengine hunyunyizia njugu maji ili ganda livunjike kwa urahisi wanapobangua kwa mkono, na kumbe wanamwandalia kuvu kitanda. Kiwango kinachokubalika Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote pamoja, na 5 kwa ile kali zaidi, B1. Usidhani joto litakusaidia. Kukaanga kwa nyuzi 160 hupunguza kiasi fulani tu, sumu nyingine hubaki. Yaliyotokea Makueni na Kitui mwaka 2004, watu 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hii, yalitokea na chakula kilikuwa kimepikwa.

Kwa hiyo kazi yako inaanza mlangoni. Unapima unyevu kabla gari halijashushwa. Ukizidi asilimia 8, kataa, hata mwenye mali akikuambia jua la Nairobi litamaliza. Kisha unasimamia uchaguzi, na huu hufanywa mara mbili. Mara ya kwanza njugu zikiwa mbichi: zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi zinatoka. Mara ya pili ni baada ya kukaanga na kuambua maganda, kwa sababu ganda jekundu huficha mengi. Ukiliondoa, punje iliyoonekana nzima unaikuta na doa la kahawia pale inapogawanyika. Karakana nyingi huruka hatua hii ya pili kuokoa saa mbili. Ukiulizwa kwenye mahojiano utabadilisha nini, anzia hapo.

Titresheni pia utaipata. Mafuta ya njugu yakianza kuchacha yanajenga peroksidi, na unazipima kwa iodidi ya potasiamu, thiosalfeti na wanga, kama ulivyofanya chuoni. Tofauti ni kwamba sasa jibu likiwa baya kuna makopo 400 yanakungoja.

Tulipeleka sampuli maabara tukapita vizuri. Mnunuzi akapima mzigo uleule kwake, akasema sumukuvu iko juu mara nne. Nani anadanganya? — Ofisa ubora, Ruaraka

Huenda hakuna anayedanganya. Yalinikuta mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili kazini, nikaenda kugombana na fundi wa maabara aliyekuwa hana kosa lolote. Aibu ile bado ninayo.

Sumukuvu haijasambaa ndani ya gunia kama chumvi ndani ya mchuzi. Imekaa kwenye punje chache mno, lakini hizo chache zimejaa. Punje moja iliyooza sana inaweza kubeba hadi miligramu moja ya sumu kwa kila gramu yake. Chukua punje ya nusu gramu ya namna hiyo: ina mikrogramu 500. Igawanye kwa kilo 50, unapata mikrogramu 10 kwa kila kilo. Yaani punje moja imelifikisha gunia zima kwenye kikomo cha sheria.

Sasa jiulize sampuli yako mliichotaje. Kama mlichota nusu kilo kutoka gunia lililokuwa karibu na mlango, nafasi ya kuikosa ile punje ni kubwa sana. Mnunuzi naye aliikamata. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa njugu zinazoenda kiwandani hutaka sampuli ya kilo 20, iliyokusanywa kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi za mzigo. Kwa karakana yenu nashauri hivi: piga bambo kila gunia, juu, katikati na chini, changanya yote, saga yote, kisha ndipo utoe kile kidogo cha kupeleka maabara. Kosa ninaloliona sana ni mtu kukusanya vizuri halafu akasaga kiganja kimoja tu. Hapo amerudi kulekule kwenye bahati nasibu.

Mkishasaga siagi yenyewe, mambo yanageuka. Mashine imeshaisambaza sumu kila mahali, hivyo sampuli ndogo ya siagi inasema ukweli kuliko sampuli ndogo ya njugu. Ila ukweli huo unakuja umechelewa, kwa sababu siagi haichaguliki. Vipimo vya haraka vya kijikaratasi vinafaa kwa uamuzi wa mlangoni. Cheti cha maabara kiwe cha kuhakiki kila mzigo kabla haujatoka. Na weka kopo moja la kila mzigo kabatini, na tarehe yake, mpaka muda wa mwisho wa matumizi upite. Siku ya ubishi, kopo hilo ndilo shahidi wako.

Nilisomea maikrobaiolojia. Bosi hataki mashine ya kusaga ioshwe kwa maji, eti tufute kwa kitambaa kikavu. Huo si uchafu? — Kijana wa Umoja

Mdogo wangu, bosi yuko sahihi, hata kama hajui kukueleza. Siagi ya njugu ina maji kidogo sana, bakteria hawawezi kuongezeka ndani yake. Lakini salmonela akiingia hafi. Anatulia humo kwa miezi, na mafuta yanamkinga. Marekani mwaka 2008 na 2009 salmonela kwenye bidhaa za njugu kutoka kampuni moja iliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, na 9 wakafa. Ukiosha mashine, maji hubaki kwenye mawe na kwenye mshipi wa mpira, na hapo ndipo unapompa bakteria nafasi ya kuzaana. Sugua kwa brashi kavu, futa, sukuma mabaki kwa njugu safi za kukaanga kisha zitupe. Siku ikibidi kuosha, fungua kila kipande na usirudishe mpaka kikauke kabisa. Jingine la kuangalia: njugu mbichi na za kukaanga zisipite meza moja, wala beseni moja.

Nina Bicom. Kwa hesabu yangu, gunia la kilo 50 linatoa makopo 125 ya gramu 400. Faida inaonekana, lakini mwisho wa mwezi akaunti haina kitu. Pesa inaenda wapi? — Ndugu wa Donholm

Nyingine umeitupa kwenye pipa, nyingine umewapa wateja bure, na iliyobaki iko supamaketi.

Tufuate gunia moja. Uchaguzi wa kwanza unatoa kilo 2 mbovu, zimebaki 48. Njugu inaingia kwenye mtambo ikiwa na unyevu wa asilimia 7 na inatoka na 2, kwa hiyo karibu kilo mbili na nusu zimeondoka kama mvuke. Maganda ni kilo moja na nusu hivi. Uchaguzi wa pili kilo moja. Vumbi na kinachong'ang'ania kwenye mashine kilo moja. Una kilo 42, yaani makopo 105. Yale 20 mengine hayajawahi kuwapo. Tuseme ulinunua Nyamakima kwa shilingi 180 kwa kilo, gunia 9,000: njugu ndani ya kopo moja si shilingi 72 kama ulivyoandika, ni 86.

Halafu nenda kwenye meza ya kujazia na mizani. Mjazaji anayeogopa kupungukiwa huweka gramu 410. Gramu 10 kwa makopo 105 ni zaidi ya kilo moja, karibu makopo mawili na nusu kwa kila gunia. Kwa magunia 20 kwa mwezi, umegawa makopo 50. Dawa si kumkaripia. Mpe mizani inayosoma gramu moja, na upime makopo kumi kila saa.

La supamaketi ndilo zito. Weka kopo, kifuniko, foili, lebo na sehemu yake ya katoni kuwa shilingi 38, kazi, umeme na kodi 40. Kopo limekugharimu 164. Magunia 20 ni makopo 2,100, shilingi 344,400 kwa mwezi. Ukilipwa baada ya siku 60, una karibu shilingi 690,000 zimelala kwenye rafu za watu huku mwuza njugu wa Nyamakima anataka pesa mkononi. Biashara yenye faida kwenye karatasi inafungwa hivyo. Wauzie maduka ya mtaani na shule zinazolipa papo hapo angalau nusu ya mzigo, na supamaketi uwape kile mfuko wako unaweza kusubiri.

Makopo yetu yanavujisha mafuta ndani ya katoni, lebo zinachafuka, wauzaji wanarudisha. Tubadilishe mwuza makopo? — Wawili wa Industrial Area

Bado. Njugu karibu nusu yake ni mafuta, na yakiachwa hupanda juu. Kiungo cha kuyashika ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa hidrojeni, asilimia 1 hadi 2, lakini lazima kiyeyuke ndani ya siagi ikiwa moto, kisha siagi ipoe hadi kama nyuzi 35 ndipo mjaze, na makopo yatulie siku moja bila kusogezwa. Nina hakika mnajaza moto na kupakia katoni jioni hiyohiyo.

La pili ni mdomo wa kopo. Tone la mafuta pale juu linatosha foili isishike. Futeni, zibeni, kisha lazeni makopo matano kichwa chini juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Asubuhi karatasi itawaambia kama shida ni ya mwuza makopo.

Kila mwajiri anataka uzoefu. Niende mahojiano na nini? — Mhitimu wa Kabete

Nunua makopo matatu ya kampuni tofauti, moja likiwa lao. Pima uzito halisi, soma tarehe na namba ya mzigo, angalia alama ya KEBS, yageuze usiku mmoja, fungua unuse. Iliyochacha hunuka kama rangi ya ukutani. Andika yote kwenye ukurasa mmoja, na kopo lao nenda nalo.