Maelezo ya kifurushi cha mikutano

“Ukumbi wetu Morogoro una mita 12 kwa 10. Chini ya picha nimeandika ‘ukumbi wa kisasa, watu 120’, lakini waandaaji wanauliza maswali kisha wanapotea. Nikosoe.”

Ndugu, tatizo ni hiyo 120, kwa sababu mwandaaji wa semina ya siku tatu anataka meza za kuandikia, na viti vikipangwa kidarasa ukumbi huo hupokea watu 60 hivi. Kwa viti vitupu vinavyotazama mbele, ukiacha nafasi ya jukwaa na njia, andika 100. Kwa meza za umbo la U, 35. Panga viti mwenyewe uvihesabu kabla ya kuchapisha.

Ningeandika hivi:

“Semina ya siku nzima, Morogoro. Kidarasa watu 60, viti vitupu 100, umbo la U 35. Bei kwa kila mshiriki inajumuisha ukumbi, projekta, maikrofoni mbili, chai na vitafunwa mara mbili, chakula cha mchana na maji chupa mbili. Jenereta ipo. Kuanzia washiriki 20.”

Weka bei palepale, ukitaja kama VAT imo. Mimi niliwahi kusaini mkataba uliosema “chai” tu, na asubuhi ya kwanza washiriki 40 wakaletewa chai kavu, huku sambusa zikidaiwa malipo ya ziada. Idadi ya chini na masharti ya kuahirisha viwe kwenye mkataba, ambao mwanasheria aupitie.