Alama ya kutoa kwenye mlinganyo wa wimbi

"Wakuu, naunganisha Faraday na Ampère kwenye ombwe lakini napata alama ya kutoa kwenye mlinganyo wa wimbi. Nimekosea wapi?"

Mkuu, angalia mlinganyo wako wa pili. Tuseme wimbi linasafiri kwenye x, uga wa umeme E uko kwenye y, wa sumaku B kwenye z. Ombwe halina chaji wala mkondo, kwa hiyo zinabaki hizi mbili:

```
∂E/∂x = −∂B/∂t
∂B/∂x = −μ₀ε₀ ∂E/∂t
```

Naona wengi wanaisahau ile kutoa ya pili. Inatokana na mwelekeo: kijenzi cha y cha ∇×B ni −∂B/∂x. Sasa chukua derivativu ya mstari wa kwanza kwa x, ya wa pili kwa t, kisha ondoa B. Kutoa mbili zinafutana:

```
∂²E/∂x² = μ₀ε₀ ∂²E/∂t²
```

Ikibaki kutoa, jaribu E = sin(kx − ωt): utapata k² = −μ₀ε₀ω², yaani hakuna wimbi linalosafiri.

Ikiwa sahihi, ω/k = 1/√(μ₀ε₀). Zidisha 1.257×10⁻⁶ kwa 8.854×10⁻¹², upate 1.113×10⁻¹⁷. Kipeuo chake ni 3.336×10⁻⁹, kigeuze, unapata 2.998×10⁸ m/s. Ndiyo kasi ya mwanga, na hatujapima mwanga wowote hapa! Bila kile kipande cha ∂E/∂t alichoongeza Maxwell, upande wa kulia ungekuwa sifuri.