Hatua 70 kwa 70: nilivyopima upya shamba la shangazi kwa Google Earth Pro

Shangazi yangu hukodi shamba la viazi mviringo kwenye miinuko ya juu ya Uyole, Mbeya. Kwa miaka miwili alilipia ekari tatu, na kila msimu mbegu alizonunua kwa ekari tatu zilibaki. Alidhani wapandaji wanaachanisha mno mashimo. Mimi nilianza kulitilia shaka shamba lenyewe, kwa sababu nilijua lilipimwa kama tunavyopima wengi huku: hatua 70 kwa 70, ekari moja.

Kipimo hicho si cha kubuni. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900, kwa hiyo hesabu inakubali kwa tofauti ndogo tu ikiwa kila hatua ni yadi moja, yaani sentimita 91. Hatua ya sentimita 91 ni ndefu. Mtu anayepanda mteremko kwenye majani yenye umande haifikishi.

Nilitumia Google Earth Pro ya kompyuta, ambayo ni ya bure tangu 2015. Kuchora mpaka ni kazi ndogo, ila picha ndiyo inayoamua kama utachora kweli au utabahatisha. Picha iliyofunguka kwanza ilikuwa ya masika: kila kitu kijani, shamba la shangazi na la jirani vimeungana. Nikafungua Historical Imagery, ile alama ya saa, nikarudi nyuma hadi picha ya kiangazi. Hapo udongo ulikuwa mtupu, mstari wa mikaratusi ukaonekana upande mmoja na njia ya miguu upande wa pili. Kisha nikabonyeza herufi R ili picha itazamwe wima kutoka juu. Usiruke hatua hii, maana picha ikilala kidogo milimani, unachobonyeza kama pembe ya shamba kinaweza kuwa mita kadhaa pembeni yake.

Fungua Ruler, chagua Polygon, bonyeza pembe moja baada ya nyingine. Mzingo na eneo vinajitokeza palepale, na kipimo unaweza kukigeuza kiwe hekta au ekari. Kabla ya kufunga, bonyeza Save na ulipe shamba jina. Ukifunga bila Save, mchoro wote unapotea.

Sasa tuje kwenye jedwali, mahali ambapo wengi hukwama. Programu hii haina kitufe cha kupeleka vipimo Excel. Ukibonyeza jina la shamba kwa kitufe cha kulia na kuchagua Save Place As, unapata faili, lakini ndani yake hamna eneo wala mzingo. Kuna pembe tu. Eneo utalikokotoa mwenyewe kwenye jedwali, na hiyo ina faida, kwa sababu yeyote anayeona hesabu yako anaweza kuikagua.

Wakati wa kuhifadhi chagua Kml, si Kmz, kwa kuwa Kmz imefungashwa na haisomeki kwa Notepad. Ifungue kwa Notepad, tafuta neno `coordinates`, unakili namba zilizo chini yake. Kila pembe imetenganishwa na nyingine kwa nafasi. Weka kila pembe kwenye mstari wake, hifadhi kwa jina linaloishia na `.csv`. Haya ni ya shamba letu, nimepunguza desimali:

```
33.612400,-8.948200,0
33.613237,-8.948073,0
33.613346,-8.948905,0
33.612855,-8.949068,0
33.612345,-8.948959,0
33.612400,-8.948200,0
```

Namba ya kwanza ni longitudo, ya pili latitudo, kinyume na tulivyozoea kuzitaja. Kwa huku kwetu ya pili lazima iwe na alama ya kutoa. Pembe ya kwanza inarudiwa mwishoni ili kufunga mzunguko, kwa hiyo usiifute. Ukifungua faili kwenye Excel au LibreOffice Calc ukakuta namba zimeegemea kushoto mwa seli, ujue zimesomeka kama maandishi, na fomula hazitazikokotoa sawasawa.

Nyuzi si mita, hivyo zigeuze kwanza. Eneo la Mbeya, nyuzi moja ya latitudo ni kama mita 110,600, na ya longitudo ni 109,970. Ya longitudo hubadilika kadiri unavyohama: Iringa mjini weka 110,300, Njombe 109,860. Nilichomeka mstari mtupu juu kwa ajili ya vichwa, data zikaanza mstari wa 2:

```
D2: =(A2-A$2)*109970
E2: =(B2-B$2)*110600
F2: =D2*E3-D3*E2
G2: =SQRT((D3-D2)^2+(E3-E2)^2)
F9: =ABS(SUM(F2:F6))/2
F10: =F9/4046.86
G9: =SUM(G2:G6)
```

D na E zishushe hadi mstari wa 7, F na G ziishie wa 6. G inakupa urefu wa kila upande, na jumla yake ni mzingo, namba utakayoihitaji siku ya kununua waya wa uzio.

Shamba la shangazi lilitoka mita za mraba 9,752, yaani ekari 2.41. Mzingo ni mita 384.

Kabla ya kumwambia mtu, nilijiuliza nimekosea kiasi gani. Kwa mzingo wa mita 384, nikichora mpaka wote mita moja ndani kuliko ulivyo, napoteza karibu mita za mraba 384, sehemu ya kumi ya ekari hivi. Kwa hiyo ile 1 ya mwisho kwenye 2.41 haina uzito, ila pengo la ekari 0.6 halielezeki kwa mkono kutetereka. Je, mteremko? Ruler hupima eneo kama ramani, si uso wa kilima. Kwenye mteremko wa nyuzi 15 uso huzidi kwa asilimia 3.5 tu, na 2.41 inakuwa 2.49. Ili ifike tatu, kilima kingehitaji nyuzi 36 na ushee, na huo ni mteremko mkali mno.

Nikaigeuza hesabu. Ikiwa ekari tatu zilipigwa kwa hatua 70 kwa 70, basi kila hatua ilikuwa sentimita 81. Hiyo ni hatua ya kawaida ya mtu, wala hakuna aliyedanganya.

Nilikwenda kwa mwenye shamba na shangazi, na karatasi niliyochapisha.

"Shikamoo mzee. Zile hatua alizipiga nani?"

"Marahaba. Kijana wangu wa mwisho, alikuwa darasa la saba."

Picha za anga huweza kuhama mita chache kutoka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo sikumwonyesha mpaka uko wapi hasa. Ugomvi wa mpaka au hati ni kazi ya mpima ardhi na mawe yake. Nilimwonyesha urefu tu. Upande wa barabarani, ulio tambarare, jedwali lilisema mita 93.1. Mzee akaleta kamba, tukaipimia mita 50 kwa futi ya fundi, tukaivuta pande zote mbili tukiikaza. Ilitoka mita 92 na nusu. Mzee akaiangalia kamba, akamwambia shangazi, "Msimu huu utalipa mbili na nusu."