Chewa aliiva vizuri, mbona tumeugua? Maswali yenu kuhusu sumu ya samaki wa matumbawe

Tulipika chewa wa kilo 7. Nyama tukaikaanga, kichwa na ini vikawa supu ya mume wangu. Jioni wote tuliumwa na tumbo, yeye akatapika sana. Tumbo limetulia, lakini leo nikishika glasi ya maji baridi vidole vinachoma kama nimeshika kaa la moto. Ni nini hiki?

Pole sana, dada. Hiyo glasi ndiyo iliyonipa jibu. Baridi inayochoma ni alama ya sigwatera, sumu inayobebwa na samaki wakubwa wanaoishi kwenye matumbawe. Kwa kawaida huanza na tumbo ndani ya saa chache: kuharisha, kutapika, msokoto. Halafu zamu ya neva inafika. Midomo na ncha za vidole zinakufa ganzi, mdomo unakuwa na ladha ya chuma, meno unayahisi kama yamelegea, ngozi inawasha hasa usiku, miguu inakuwa mizito. Sumu hii hushika milango midogo inayopitisha sodiamu kwenye neva na kuiacha wazi, kwa hiyo neva inapiga kelele bila kuguswa. Glasi yako haina kosa, ni taarifa inayofika kichwani ikiwa imeharibika.

Mume wako ameumwa zaidi kwa sababu alikula sehemu yenye sumu nyingi. Ini la samaki kama huyo linaweza kuwa na sumu mara kadhaa kuliko nyama yake, na kichwa, matumbo na mayai navyo si salama. Mpeleke kwa daktari leo, hata kama anasema amepata nafuu. Waambie wampime mapigo na presha akiwa amelala, kisha akisimama. Sigwatera inaweza kupunguza kasi ya moyo na kushusha presha, na mtu akaanguka chooni usiku. Mwambie daktari jina la samaki, uzito wake na saa mliyokula, maana bila hayo ni rahisi mtu kuandikiwa dawa za kuhara na kurudishwa nyumbani.

Mabaki ya samaki msiyatupe. Yafungeni, yaandikeni tarehe, muyaweke kwenye friza mahali ambapo hakuna atakayeyala kwa bahati mbaya. Maabara ikiyataka, hapo ndipo ushahidi ulipo.

Mafuta yalikuwa yanachemka kabisa na samaki alikauka. Moto wote ule haukuua sumu?

Hakukuwa na kitu cha kuua. Moto unafanya kazi mbili jikoni: unaua vijidudu na unabadilisha umbo la protini. Tazama yai likiingia kikaangoni, ute unageuka mweupe na mgumu kwa sababu protini zake zimefumuka. Sumu za bakteria ambazo ni protini zinaweza kuharibiwa hivyo. Sumu ya sigwatera si kiumbe na si protini. Ni molekuli yenye pete 13 zilizoungana ubavu kwa ubavu kama vipandio vya ngazi, na joto la jiko halina nguvu ya kuifungua ngazi hiyo. Tena mafuta yanaweza kufika nyuzi 180, lakini ndani ya kipande cha samaki, maadamu kuna maji, joto halipandi sana kupita 100.

Kuna jambo ambalo hunisaidia kila ninapowaeleza watu. Wataalamu wa maabara wanapotaka kuitoa sumu hii kwenye nyama ili waipime, huwa wanaanza kwa kumpika samaki, kwenye nyuzi kama 70, kisha wanamsaga na kutumia kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Kupika ni hatua yao ya kwanza ya kuipata, na haiwapotezei chochote.

Hebu tupige hesabu. Mikrogramu 0.1 kwa kila kilo ya nyama inatosha kumletea mtu dalili. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Kwa kiwango hicho, gramu moja tu ya sumu ingetosha kuharibu tani 10,000 za samaki. Sasa chukua samaki mwenye mikrogramu 1 kwa kilo, kisha tukubali, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba moto umeharibu nusu. Inabaki mikrogramu 0.5, bado mara tano ya kiwango cha kuugua. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema “mpike sana, itapungua.”

Limau, siki, chumvi, moshi na jua haviigusi pia. Kukausha hata kunaiongeza kwa kila kipande, kwa kuwa maji yanatoka na sumu inabaki. Kuosha hakusaidii, kwani inakaa kwenye mafuta na haitaki maji. Na mchuzi usidhani umepona: mafuta yaliyotoka kwenye kichwa na ini yanaelea humo humo.

Na nikimgandisha miezi mitatu?

Utakuwa na samaki yule yule, mwenye sumu ile ile, baada ya miezi mitatu.

Barafu inazuia kuoza. Samaki kama jodari akiachwa juani, bakteria wanatengeneza histamini kwenye nyama yake, na mlaji anapata uso mwekundu na kichwa kinachogonga, mara nyingi ndani ya saa moja, kisha kwa kawaida yanaisha siku hiyo au kesho yake. Hilo barafu ya mapema inalizuia, na nadhani ndiko watu walikochanganya mambo. Sigwatera haisubiri samaki afe. Imo mwilini mwake akiwa anaogelea, na yeye mwenyewe anaonekana mzima kabisa: macho maangavu, mashavu mekundu, nyama ngumu. Samaki aliyevuliwa nusu saa iliyopita anaweza kuwa nayo tele.

Basi tusile samaki wa baharini? Ni wapi hasa tuwaogope?

Kuleni, ila jueni sumu inapita njia gani. Inaanzia kwenye kiumbe kidogo cha jamii ya mwani kinachoonekana kwa hadubini tu, kilichogunduliwa kwenye visiwa vya Gambier huko Polinesia ya Wafaransa katika miaka ya 1970. Kinajishikiza juu ya mwani mkubwa na juu ya matumbawe yaliyokufa. Kangaja na pono wanakuja kuparura mwani, wanakimeza pamoja nao. Chewa anakula kangaja kumi, ishirini, mia, mwaka baada ya mwaka, na sumu inatoka mwilini polepole sana, kwa hiyo inarundikana. Unapomkuta chewa mzee mwenye kilo 10, unakula hesabu ya maisha yake yote.

Kwa hiyo wa kwanza kwenye orodha yangu ni wale wanaowinda juu ya mwamba na kuishi miaka mingi. Mkunga simli kabisa, wa ukubwa wowote, na mzia mkubwa vilevile. Hao wawili wana historia mbaya kuliko wote. Kisha chewa wakubwa, kolekole wakubwa na changu mwekundu mwenye madoa mawili mgongoni. Huyo changu ana sifa mbaya katika bahari ya Hindi na ya Pasifiki, na mwaka 2012 kule Ujerumani, mbali kabisa na tumbawe lolote, watu waliugua kwa changu wekundu walioagizwa kutoka bahari ya Hindi. Nguru huwasumbua watu kwa sababu ni samaki wa kukimbia, lakini naye hula samaki wa mwambani, na pwani ya Queensland, Australia, amewahi kuleta sigwatera.

Wavuvi wengi wana mpaka wa kilo 2 au 3 kwa samaki wawindaji wa matumbawe, na mimi naufuata. Lakini usiuchukue kama kinga. Mahali ambapo mwani huo umeshamiri, hata kangaja mdogo anaweza kumgonga mtu. Eneo lina uzito kuliko ukubwa: miamba miwili iliyo kilomita chache tu kutoka mmoja hadi mwingine inaweza kutofautiana kabisa, na mwamba uliovunjwa na tufani au uliopauka ukafa unaupa mwani huo nafasi mpya ya kujishikiza. Kwa hiyo muulize mvuvi alivua wapi, na kama samaki wa mwamba huo wameshawahi kuwaletea watu ugonjwa, waache. Jodari, dagaa na wengine wa maji ya wazi hawapiti njia hii ya sumu, kwa sigwatera wanaweza kuliwa.

Mzee wetu anaweka sarafu ya fedha juu ya nyama, ikibadilika rangi anaitupa. Wengine huwapa paka kwanza. Inasaidia?

Sarafu haisaidii, na nzi wanaokwepa nyama hawasaidii. Sumu haina rangi, harufu wala ladha.

Mnyama kweli anaweza kuugua: mwaka 1774, maofisa wa meli ya nahodha Mwingereza James Cook walipokula samaki wa matumbawe kwenye visiwa vinavyoitwa leo Vanuatu, mbwa na nguruwe waliopata mabaki nao waliumia, wengine wakafa. Lakini paka ana mwili wake, na dalili zinaweza kuchelewa mpaka mmeshamaliza kula. Akibaki mzima saa moja, hamjajua chochote. Na kama mnamshuku samaki, kumpa kiumbe mwingine ili aumwe badala yenu naona si haki.

Baba yangu ana wiki ya tano sasa. Bado anawashwa na viungo vinauma. Jana alikunywa bia moja, usiku ukawa mbaya sana. Kuna dawa?

Hakuna dawa inayoifukuza sumu hii mwilini, na ningependa mlijue hilo kabla hamjatumia fedha zenu. Dawa iitwayo manitoli, inayoingizwa kwa mshipa, ilitoa matumaini makubwa mwaka 1988, wagonjwa wa visiwa vya Marshall walipoonekana kuamka haraka. Lakini ilipolinganishwa na maji ya chumvi ya kawaida huko Rarotonga, kisiwa cha Pasifiki, kwa wagonjwa 50, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, haikuyashinda. Daktari anaweza kutuliza maumivu ya neva na muwasho, na hilo peke yake linamrudishia mtu usingizi.

Wiki tano si ajabu, dalili za neva zinaweza kudumu miezi. Bia aiache kabisa. Pombe inajulikana kuziamsha dalili, na kwa baadhi ya watu samaki wa aina yoyote, hata asiye na sumu, na karanga au korosho hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo swali la dagaa, ambalo najua linafuata, jibu langu ni hapana kwa sasa: apumzike na vyote vya majini mpaka miezi sita, kisha ajaribu kipande kidogo siku ambayo hana dalili yoyote. Samaki wakubwa wa matumbawe asirudie kwao kabisa. Mtu aliyewahi kuugua mara moja, mara ya pili anaweza kuugua zaidi, na kwa kiasi kidogo zaidi cha sumu.