Kabla hujasema "kuliko" ndo imekosewa, cheki kwanza ile "ndefu"

Kuna jamaa anajifunza Kiswahili huwa ananitumia sentensi zake nimchekie, siku moja akaleta hii: "Kaka yangu ni ndefu kuliko mimi." Akauliza kuliko ameiweka sawa? Nikaangalia kuliko, iko mahali pake, nikamjibu poa kabisa. Baadae nimelala ndo nashtuka, eti kaka ni ndefu? Kama kamba vile!

Nimeona watu wengi wanafanya kosa langu, macho yote yanaenda kwenye kuliko wakati hiyo ndo rahisi, haibadiliki hata iweje, ukisema mtu, miti au barabara yenyewe ni kuliko tu. Kinachobadilika ni sifa, na sifa inamfuata yule anayesifiwa, yaani wa mwanzo, sio yule anayekuja baada ya kuliko. Kwa hiyo "kaka zangu ni warefu kuliko mimi", warefu kwa sababu kaka ni wengi japo mimi niko mmoja. Geuza uone: "mimi ni mfupi kuliko kaka zangu", ikarudi mfupi.

Sasa huyu jamaa aliteleza wapi, maana hakubahatisha. Aliona "yangu" akafikiri kama ni kaka yangu basi ni kama nyumba yangu, na nyumba ni ndefu, kwa hiyo kaka naye ndefu. Kwa akili ya kawaida ana pointi bana. Ila majina ya ndugu kama kaka, dada, mama, baba yana kaujanja, kwenye umilikaji yanachukua yangu na zangu lakini kwenye sifa na kitenzi yanarudi kwa watu: kaka yangu mrefu amekuja, sio ndefu imekuja. Ukikwama toa kaka weka "mtu", utasikia mwenyewe mtu ndefu inavyokwaruza.

Kitu kingine alichoniuliza ni kama "kaka yangu si mrefu kuliko mimi" maana yake kaka ni mfupi. Hapana, inawezekana mnalingana, hiyo sentensi imekataa tu kwamba amekuzidi. Ukitaka kusema ni mfupi sema "ni mfupi kuliko mimi", na kama mko sawa sema "tunalingana kwa urefu", mambo yaishe.

Halafu cheki na vitu vyenyewe vinavyolinganishwa. Aliwahi kuandika "nywele zake ni ndefu kuliko mimi", hapo ndefu iko sawa maana ni nywele, ila amelinganisha nywele na mtu mzima mzima, mimi nikapata picha ya nywele zinaburuzwa chini. Ilitakiwa "kuliko zangu". Hiyo sikuiachia, nilishajifunza kusoma mpaka mwisho.