Pesa Imekopeshwa, na Bado Unaitoa

Nilikaa kaunta miaka kadhaa kabla ya kuhamishiwa ofisi ya nyuma, kule inakohesabiwa pesa ya benki nzima jioni. Maswali ya wiki hii karibu yote nimewahi kuulizwa nikiwa nyuma ya kioo, foleni ikiwa ndefu na mimi sina nafasi ya kujibu.

Nikiweka 50,000 zangu leo, kesho nikienda kuzitoa nitapewa zile zile? (Mama mboga, Kisumu)

La, mama. Noti zako huenda zilitoka dakika kumi baadaye na mteja aliyekuwa nyuma yako. Ulipozipitisha chini ya kioo zikawa mali ya benki, nawe ukabaki unaidai benki 50,000. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1848 katika kesi ya Foley na Hill, na Kenya tukarithi msimamo huo. Salio unaloliona kwenye simu ni kumbukumbu ya deni. Hakuna rundo lenye jina lako huko ndani.

Kama pesa zetu wamezikopesha, hizi wanazotulipa kila siku zinatoka wapi? (Mwalimu, Kitui)

Zinatoka kwa wenzako wanaoweka. Chukua benki ndogo yenye amana za shilingi milioni 100. Siku ya kawaida wateja wanatoa, tuseme, milioni 2.1, na wengine wanaweka milioni 1.9. Kilichopungua ni laki mbili tu, ingawa kaunta zimeshughulika kutwa. Kesho yake mambo yanaweza kugeuka, pesa zikaingia zaidi ya zilizotoka. Unapomlipa fundi aliye na akaunti benki hiyo hiyo, hakuna hata shilingi inayotoka mlangoni. Namba zinahama tu kutoka kwako kwenda kwake.

Watu hawaamki wote siku moja wakitaka pesa zao, na benki inaijua mienendo yao. Mwisho wa mwezi mishahara inaingia, siku mbili tatu baadaye kodi za nyumba zinatoka. Januari ni karo. Sisi tulikuwa tunaagiza noti mapema kabla ya wiki hizo, na aliyetaka milioni mbili taslimu tulimwomba atupigie simu siku moja kabla. Wengine walidhani tunawazungusha, kumbe tawi haliweki noti nyingi kwa sababu ya wezi, na pia kwa sababu noti iliyolala haizai riba.

Kwa hiyo katika ile milioni 100, sema 3 ziko taslimu kwenye matawi na mashine za kutolea pesa, 6 ziko Benki Kuu, 3 ziko kwenye benki nyingine, 28 zimenunua hati za serikali na 60 ndizo mikopo. Huu ni mfano wangu, lakini mipaka yake ni ya sheria. Tangu Februari 2025 benki za Kenya zinatakiwa kuacha Benki Kuu asilimia 3.25 ya amana, pesa isiyozaa riba. Tena mali inayogeuka pesa haraka, yaani ukwasi, haitakiwi kushuka chini ya asilimia 20.

Sasa tuseme wiki moja mbaya watu wanataka milioni 12 zaidi ya wanazoweka. Zile 3 za taslimu zinakwenda, zilizo benki nyingine zinaitwa, ziada iliyo Benki Kuu inatumika. Hapo umefika karibu 9. Zilizobaki benki inazipata kwa kuuza hati za serikali, au kuziweka dhamana na kukopa kwa benki nyingine. Ikikosa huko, inabisha hodi Benki Kuu, ambako riba ni ya juu kuliko kawaida. Asichoweza meneja ni kumpigia simu mwenye matatu aliyekopeshwa kwa miaka mitatu, amwambie arudishe zote Ijumaa. Matatu iko barabarani.

Shemeji alikopeshwa 500,000. Zilikatwa kwenye akaunti za sisi wenye akiba? (Msomaji, Eldoret)

Hakuna aliyekatwa, kaka. Afisa wa mikopo alibonyeza kitufe, akaunti ya shemeji ikaongezeka 500,000, na upande wa pili wa vitabu ikaandikwa kwamba shemeji anadaiwa 500,000. Amana imezaliwa hapo hapo na mkopo.

Usifikiri basi kwamba benki inaweza kuandika namba bila mwisho. Shemeji hakukopa ili atazame salio. Akimlipa muuza mabati mwenye akaunti benki nyingine, benki yake inapaswa kuipelekea ile nyingine 500,000 halisi kupitia akaunti zao za Benki Kuu. Ndiyo maana benki zinahangaika kutafuta wateja wa kuweka akiba. Amana yako inaziba pengo ambalo mkopo unaliacha unapotoka nje. Na shemeji asipolipa, hasara inaanza kula mtaji wa wenye benki kabla haijakufikia wewe.

Chase Bank ilionekana nzima. Ilifungwaje ghafla hivyo? (Fundi wa umeme, Nairobi)

Mapema Aprili 2016 hesabu zake za mwaka zilirekebishwa, ikaonekana mikopo ya watu wa ndani, yaani wakurugenzi na wafanyakazi wa benki yenyewe, ilikuwa mikubwa kuliko ilivyotangazwa kwanza. Mwenyekiti na mkurugenzi mkuu wakaondoka. Uvumi ukazagaa mitandaoni, na wenye pesa hawakuhitaji hata kupanga foleni kwa sababu simu zilikuwa mkononi. Jumatano tarehe 6 benki ikashindwa kulipa ilichodaiwa, na tarehe 7 Benki Kuu ikaiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyokwama.

Kuna magonjwa mawili hapa, na watu huyachanganya. La kwanza ni kukosa pesa mkononi huku mikopo yako ikiwa mizuri, na hilo Benki Kuu inaweza kulitibu kwa mkopo. La pili ni mikopo yenyewe kuoza, na hapo hata ukipewa muda hulipi. Chase ilipelekwa kaburini na la kwanza, lakini lililoianzisha safari ni shaka kuhusu la pili. Ilifunguliwa tena tarehe 27 Aprili chini ya usimamizi wa KCB, wateja wakaruhusiwa kutoa hadi milioni moja. Wenye zaidi walisubiri. Mwaka 2018 benki ya SBM ilipoichukua, ilihamisha asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiwa.

Ukitaka kupima benki yako, soma hesabu zinazotangazwa kila robo mwaka. Ruka faida. Shuka chini utafute uwiano wa ukwasi ulivyo juu ya ile 20, kisha mikopo isiyolipwa, kisha mstari wa mikopo ya watu wa ndani. Mstari huo ndio mimi husoma kwanza.

Si afadhali niache pesa M-Pesa? Huko hawakopeshi. (Mhudumu wa boda, Malindi)

Safaricom haikopeshi salio lako, ni kweli. Kila shilingi ya M-Pesa inatakiwa ilingane na shilingi iliyowekwa kwenye akaunti za amana ya udhamini. Lakini akaunti hizo ziko wapi? Ziko benki, na benki hizo zinakopesha kama nilivyoeleza juu. Ukihamishia M-Shwari basi umeshaweka benki moja kwa moja, hata kama hujawahi kuuona mlango wake.

Kinachokulinda benki ikianguka ni bima ya amana. Wakati wa Chase ilikuwa shilingi 100,000 kwa kila mteja, na tangu Julai 2020 ni 500,000. Kikomo hicho ni cha mteja, kwa hiyo akaunti tatu ndani ya benki moja zinahesabiwa pamoja.