Sufuria la nyungu lilivyomuunguza mwanangu

Juzi msomaji mmoja wa Tabata aliniandikia: "Dada, mwanangu ana miezi kumi, pua imeziba, hanyonyi vizuri. Bibi yake anataka tumpige nyungu. Nimfunike dakika ngapi?"

Hata moja, mdogo wangu. Nakujibu kwa machungu, maana mimi nilimfunika wangu.

Alikuwa na miaka minne, tukiishi Mbagala. Nilichemsha mchaichai, majani ya mkaratusi na maganda ya limao, nikaepua sufuria, nikaliweka sakafuni katikati ya miguu yangu. Nikampakata, nikatufunika shuka zito. Mvuke ulipompiga usoni akajirusha nyuma, mguu ukapiga ukingo wa sufuria. Maji yakamwagikia mapaja yake, na lile shuka likatuzuia kukimbia. Suruali ikanywa maji ya moto na kuyashikilia mwilini. Jirani akaja na dawa ya meno, nami nikaipaka. Hospitalini nesi alilazimika kuiosha upya, mtoto akilia, juu ya malengelenge. Kovu lipo hadi leo, na kila nikimwogesha naliona.

Siku ile ningepaswa kumvua suruali papo hapo, nisivute tu kilichogandamana na ngozi, kisha kummiminia maji safi ya kawaida, ya bomba au ya kata kutoka ndooni, kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikiwa zimefunikwa asipate baridi. Baada ya hapo kitambaa safi, na hospitali. Dawa ya meno, yai na barafu havihusiki kabisa.

Na tulijiunguza kwa faida gani? Mvuke hauui kirusi cha mafua. Mtu mzima huhisi pua imelegea kwa muda, basi.

Kwa mtoto wako, fanya hivi. Chemsha maji, yapoe kabisa, pima nusu lita, koroga kijiko kimoja bapa cha chai cha chumvi. Mlaze chali, tia tone moja au mawili kila tundu la pua, subiri dakika moja hivi, kisha vuta kamasi taratibu kwa kile kipira cha kunyonyea kamasi cha duka la dawa. Fanya kabla ya kunyonya, kwani mtoto mchanga hutegemea sana pua kupumua, na ikiziba hawezi kunyonya huku anapumua. Maji yaliyobaki yamwage jioni, kesho tengeneza mengine. Usimpake dawa za kuchua zenye kafuri wala mkaratusi. Umri wake haujafika.

Kisha mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Kwa miezi yake, zikifika 50, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akikataa ziwa kabisa, mpeleke hospitali usiku huohuo.